Yeye anaandaa, mimi naidhinisha: uzoefu wangu na malipo ya biashara ya hatua mbili

Ni mwaka na miezi kadhaa tangu tuhamishe malipo ya biashara yetu kwenye huduma ya mtandaoni ya benki, ile inayotaka watu wawili kwa kila malipo. Kwenye skrini wameandika Maker na Checker. Ofisini tunasema mwandaaji na mwidhinishaji. Mwandaaji ni mhasibu wetu. Mwidhinishaji ni mimi.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Mhasibu anaingia kwa jina lake, anachagua mlipwaji, anajaza kiasi, anaambatisha ankara na kutuma. Hapo pesa haijatoka. Malipo yanakaa kwenye foleni, yameandikwa Pending Approval, mpaka niingie kwa jina langu, niyafungue, nibonyeze Approve na kujaza tarakimu 6 zinazokuja kwenye simu yangu. Yeye hana kitufe cha kuidhinisha, mimi sina cha kuandaa. Nikikataa naandika sababu, malipo yanarudi kwake, na akigusa chochote yanaanza safari upya.

Sasa niseme ukweli unaoniaibisha kidogo: miezi ya mwanzo nilikuwa muhuri unaotembea. Mhasibu ananiambia, "Bosi, malipo yanakusubiri," nami nafungua simu nikiwa kwenye foleni ya kitu kingine, natazama jumla chini ya ukurasa, naona inalingana na ile aliyonitumia, nabonyeza. Nusu dakika, kazi imekwisha. Nilijiona mwangalifu kwa sababu nililinganisha jumla.

Siku iliyonizindua kulikuwa na kundi la malipo 14. Jumla ilikuwa sawa kabisa. Sijui ni nini kilinifanya nifungue mstari mmoja mmoja siku hiyo, nadhani mtandao ulikuwa mzito na kitufe kilikuwa kinazunguka. Kwenye malipo ya msambazaji wetu wa zamani, jina lilikuwa lile lile, kiasi kilikuwa cha ankara ile ile, lakini akaunti iliishia na 8809. Mimi nilikuwa nimezoea kuona 4471.

Nikamuuliza mhasibu. Akasema, bila wasiwasi wowote, kwamba msambazaji alituma barua pepe wiki iliyopita kueleza kuwa wamebadilisha benki, na barua ilikuwa na nembo, saini, kila kitu. Mwisho wa barua kulikuwa na namba ya simu ya kuthibitisha, naye alikuwa ameipiga. Sauti ya upande wa pili ilithibitisha vizuri sana. Ilithibitisha, bila shaka, maana namba hiyo iliandikwa na yule yule aliyeandika barua.

Nikatafuta mkataba wa zamani kwenye faili, nikapiga namba iliyokuwa humo. Msambazaji hakuwa amebadilisha kitu. Nikabonyeza Reject, nikaandika sababu kwa herufi kubwa ambazo baadaye nilizionea haya.

Mhasibu hakuwa mwizi, wala hakuwa mzembe kuliko mimi. Mfumo nao ulifanya kazi yake, kwa maana ya kwamba ulisubiri. Lakini ulikuwa ukimsubiri mtu anayekagua kitu kisicho sahihi. Ukibadilisha nambari ya akaunti, jumla haitikisiki. Na lile jina ninaloliona kwenye skrini ni jina alilolichapa mwandaaji. Benki yetu inapeleka pesa kwa nambari. Kwa hiyo vitu viwili nilivyokuwa nikivitazama, jina na jumla, ndivyo viwili ambavyo tapeli hana haja ya kuvigusa.

Baada ya hapo nilikaa na msimamizi wa akaunti yetu benki, tukapitia mipangilio. Kumbe kulikuwa na kipengele kilichokuwa kimezimwa tangu siku ya kwanza: kuongeza mlipwaji mpya, au kubadilisha akaunti ya mlipwaji wa zamani, kunaweza kuhitaji idhini yake yenyewe kabla ya malipo yoyote kuandaliwa. Tukakiwasha. Sasa badiliko la akaunti linanijia peke yake, likionyesha nambari ya zamani na mpya pamoja, na siliidhinishi kabla sijapiga simu kwa namba tuliyokuwa nayo sisi kabla ya barua kuja. Tumezima pia uwezo wa mhasibu kuchapa akaunti papo hapo wakati wa kuandaa malipo. Lazima achague kutoka kwenye orodha iliyoidhinishwa. Mtu ukiniuliza ni kipengele gani ukiwashe kwanza, ni hiki, kabla hata ya viwango vya juu vya malipo.

Kwenye mishahara hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa inapakiwa kama faili moja na mimi naonyeshwa idadi ya watu na jumla. Hapo natumia ujanja wa wahasibu wa zamani: najumlisha nambari za akaunti zenyewe, kama vile ni pesa. Tuseme tarakimu za mwisho ni 1204, 3310 na 5087. Jumla ni 9601. Mwezi ujao watu wakiwa wale wale, jumla iwe 9601 tena. Mtu akigeuza 3310 kuwa 3370, napata 9661 na najua kuna kilichoguswa. Natumia nambari nzima kwenye lahajedwali, hizi fupi ni za mfano tu. Haikamati kila kitu: mwenye akili akiongeza 60 hapa na kupunguza 60 kule, jumla inabaki, na pia haisemi lolote kama kiasi cha mtu mmoja kimehamia kwa mwingine. Ila kwa kazi ya dakika moja, inatosha kunifanya nifungue faili au nisilifungue.

Kero zipo. Malipo yanayoidhinishwa baada ya saa ya mwisho ya benki yanaondoka siku inayofuata, hata kama mhasibu aliyaandaa asubuhi na mapema. Salio nalo kwetu linaangaliwa ninapoidhinisha, si anapoandaa, kwa hiyo nimewahi kuidhinisha malipo yakagoma ilhali asubuhi pesa ilikuwepo. Na mara moja nilisafiri bila kuweka mwidhinishaji wa akiba. Mhasibu akanipigia: "Bosi, nipe tu neno la siri, ukipata zile tarakimu unitumie, nimalize." Nilikaribia kumpa. Tungefanya hivyo, kumbukumbu za mfumo zingeonyesha watu wawili wakati aliyekaa kwenye kiti ni mmoja. Siku ile malipo yalichelewa, nikarudi nikasajili mwidhinishaji wa pili. Ningefanya hivyo mwanzoni nisingetoa visingizio kwa watu waliokuwa wakisubiri hela yao.

Ushauri mmoja kwa anayeanza: msiamini fomu mliyojaza, jaribuni. Mwambie mwandaaji aandae malipo madogo kisha ajaribu kuyaidhinisha mwenyewe. Kwetu mfumo ulimkatalia yeye, lakini mshirika wangu, aliyepewa majukumu yote mawili "ili kurahisisha", aliandaa na kuachia peke yake bila hata onyo. Tulimwondolea jukumu moja siku hiyo hiyo.

Kwa ujumla naipa huduma hii nyota 4, moja nimeikata kwa kile kipengele kuachwa kimezimwa. Siku hizi mhasibu akituma, ujumbe wake ni mrefu kidogo: "Bosi, kundi lina 19, na mmoja ana akaunti mpya." Naanza na huyo mmoja.