Taa za kuonyeshea misahafu na kanga za kale: ipi ununue kwanza

Mwongozo huu ni kwa mwenye chumba kidogo cha maonyesho, tuseme mahali penye msahafu wa Siyu ulioandikwa kwa mkono, kanga chache za zamani na picha za karatasi. Vyote hivi hupauka kwa mwanga, na rangi ikishaondoka hairudi.

Wauzaji wengi watakutangulizia kichujio cha mionzi ya urujuanimno. Kinafaa, lakini hakizuii mwanga unaoonekana, nao pia unapausha. Pesa ya kwanza iende kwenye taa inayoweza kupunguzwa na kuzimika yenyewe.

Namba moja: spoti, yaani taa za kumulika sehemu moja, za LED kwenye reli, kila moja na swichi yake ya kupunguzia mwanga, pamoja na sensa ya mwendo. LED nyeupe ya kawaida haitoi urujuanimno wa kuhangaikia, kwa hiyo usilipie kichujio juu yake. Kwenye boksi tafuta 3000K au chini, yaani mwanga wenye rangi ya joto, na CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, ya 90 au zaidi. Uliza pia R9, yaani jinsi wekundu unavyoonekana. Ikiwa ndogo, nyekundu ya kanga itafanana na matofali.

Kiwango cha vitu vya aina hii ni luksi 50, luksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia kitu, na muda una uzito sawa na ukali. Tume ya Kimataifa ya Taa, CIE, katika mwongozo wa 2004, inaviwekea vitu vinavyoathirika zaidi kikomo cha saa-luksi 15,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 50, unapata saa 300. Ukifungua saa 8 kwa siku, mgao wa mwaka mzima unakwisha baada ya siku 37 hivi. Sensa ikiwasha taa mgeni akisogea tu, na jumla ikawa robo ya muda wa kufungua, msahafu uleule unakaa nje siku 150, mradi taa ikizimika pawe giza kweli. Ndiyo maana naiweka sensa juu ya kila kitu kingine. Hata hivyo, uwe na ukurasa mwingine wa kufungua au kanga nyingine ya kubadilisha.

Kabla ya kulipa, punguza taa mpaka chini kabisa na uitazame kupitia kamera ya simu. Michirizi ikipita kwenye skrini, taa inapepesa, na kuna wageni itakaowaumiza kichwa. Irudishe. Nunua pia kipima-mwanga, kifaa halisi, si programu ya simu, maana hizo hupishana sana. Kiweke palepale kitu kilipo, kitazame taa, upime sehemu inayong'aa zaidi. Spoti ya miale myembamba hutoa 80 katikati ya kanga na 30 pembeni. Kwa nguo pana chukua ya miale mipana.

Namba mbili: ukanda wa LED ndani ya kabati la kioo. Bei yake ni nafuu, ila kifaa cha umeme wake hutoa joto, kwa hiyo kikae nje ya kabati. Ukanda wenyewe ufichwe nyuma ya ukingo, la sivyo unamwangaza mgeni machoni.

Namba tatu: halojeni uliyonayo tayari. Rangi yake ni nzuri sana, joto lake baya. Itumie kwa mbali ikiwa na kioo cha kuchuja, huku ukikusanya pesa ya LED.

Mwisho: tyubu. Hizi zinahitaji mfuko wa kuchuja, na fundi akibadilisha tyubu mara nyingi hutupa mfuko pamoja nayo.

Kichujio kinahitajika hasa dirishani. Kikomo cha zamani cha urujuanimno ni mikrowati 75 kwa lumeni, na jua la mchana hulipita mbali. Filamu ya kubandika kwenye kioo husaidia na huchakaa. Pazia nzito hufanya zaidi kwa bei ndogo.

Sasa mgeni. Anatoka kwenye jua la adhuhuri akiingia luksi 50, na kwa dakika kadhaa haoni kitu. Mzee ndiye hasa. Usiongeze mwanga. Mpitishe kwanza kwenye ukumbi wenye mwanga wa kati, paka kuta rangi iliyofifia, na uandike maelezo kwa herufi kubwa. Kwa vitu vya ukutani, elekeza taa kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima ili kivuli cha mtazamaji kisiangukie kitu. Kwa kabati la kulala, laza kioo cha kujitazamia juu yake, simama atakaposimama mgeni: taa yoyote unayoiona humo, ndiyo itakayomng'ariza. Isogeze upande.

Halafu weka kabatini kadi ya sufu ya buluu, vipande 8 vinavyopauka kwa kasi tofauti, nusu yake imefunikwa kwa karatasi ya alumini. Kila baada ya miezi michache funua ulinganishe. Kipande cha kwanza kikionyesha mstari mapema, saa zako za mwanga ni nyingi kuliko unavyodhani. Kagua sensa kwanza.