Uzoefu wangu wa kufanyiwa tathmini ya shahada: miaka mitatu iliyohesabiwa miwili

Mwajiri wangu mpya alikuwa amekwisha kunikubali, na barua ya ajira ilikuwa na sharti moja tu lililobaki: nilete ripoti ya tathmini inayoonyesha kwamba shahada yangu inalingana na shahada ya kwanza ya nchi niliyokuwa nahamia. Nililichukulia kuwa jambo la kupeleka karatasi na kungoja. Ripoti ilipofika, wiki saba baada ya nyaraka kupokelewa, ilisema kwamba masomo yangu ni sawa na miaka miwili ya chuo kikuu, bila kukamilisha shahada. Niliisoma mara mbili nikidhani wamechanganya faili.

Hawakuwa wamechanganya. Ili ieleweke, lazima nieleze nilivyosoma. Nilianza na stashahada ya miaka miwili ya teknolojia ya habari katika chuo cha ufundi, kisha chuo kikuu kikanipokea moja kwa moja katika mwaka wa pili wa shahada ya miaka mitatu, kwa kuwa masomo ya stashahada yalihesabiwa kuwa yamefidia mwaka wa kwanza. Shahada yenyewe ina krediti 360, yaani krediti 120 kwa mwaka, na kila krediti ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Kwa hiyo transkripti yangu ya chuo kikuu ina mihula minne na krediti 240. Zile 120 za mwaka wa kwanza hazionekani popote, isipokuwa katika mstari mmoja wa maandishi madogo chini ya ukurasa wa mwisho, unaosema tu kwamba mwanafunzi alisamehewa baadhi ya masomo.

Mimi nilikuwa nimepeleka shahada na transkripti yake peke yake. Fomu iliomba sifa ya juu kabisa, na mwajiri hakuwa na haja ya stashahada, basi sikuona sababu ya kuiweka. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Mtathmini hasomi jina lililoandikwa juu ya cheti akaliamini. Anauliza mambo ya msingi kuhusu sifa hiyo: je, chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake, sharti la kuingia lilikuwa nini, masomo yalichukua muda gani, na mwenye sifa anaruhusiwa kuendelea na masomo gani nyumbani kwao? Katika swali la muda, alihesabu alichokiona. Nchi niliyohamia hutumia mfumo wa krediti wa Ulaya, ambao mwaka mzima wa masomo ni krediti 60. Krediti za nchi mbili hazilinganishwi namba kwa namba, bali mwaka kwa mwaka: mwaka wetu wa 120 husimama mahali pa mwaka wao wa 60. Kwa hesabu hiyo 240 zangu ziligeuka kuwa 120 zao, na shahada yao ya kwanza huanzia 180. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Kilichopungua ni mwaka mmoja wa maisha yangu ambao sikuuonyesha.

Sikuandika rufaa ya malalamiko, na sasa naona ilikuwa heri. Nchi niliyohamia imeridhia Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997 kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, na mkataba huo unataka anayekataliwa apewe sababu na awe na njia ya kukata rufaa. Aidha, anayekataa kutambua ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba kuna tofauti kubwa kati ya sifa mbili, siyo tofauti yoyote ile. Hata hivyo, haki hiyo humfaa aliyekwisha kutimiza wajibu wake wa kutoa taarifa kamili, na mimi sikuwa nimeutimiza. Nikaomba mapitio ya faili, nikaeleza kwa aya mbili tu mahali mwaka wa kwanza ulipo, na kuahidi nyaraka tatu.

Ya kwanza ilikuwa transkripti ya stashahada, ikitumwa na chuo chenyewe katika bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri juu ya mfuniko, kwa sababu nakala inayopita mikononi mwa mwombaji haihesabiki. Ya pili ilikuwa mihtasari ya masomo ya stashahada, ili ionekane kwamba programu ya kompyuta niliyosoma kule haikuwa mafunzo ya kutumia kibodi.

Ya tatu ndiyo iliyonitesa, na ndiyo iliyoamua mambo: barua ya msajili wa chuo kikuu. Barua ya kwanza niliyoletewa ilisema kwamba mimi ni mhitimu halali na mwenye tabia njema. Ni barua nzuri, ila haikujibu swali. Niliirudisha kwa heshima, nikaomba itaje mambo manne: jina la programu na jumla ya krediti zake, krediti nilizosamehewa, masomo ya stashahada yaliyofidia kila somo la mwaka wa kwanza, na kanuni ya chuo iliyoruhusu jambo hilo. Karani mmoja wa ofisi ile aliniambia kwa simu, «Ndugu yangu, watu wengi wanaomba barua, lakini wewe ni wa kwanza kutuambia iandikwe nini.» Wiki tatu baadaye barua ilitumwa, na safari hii ilikuwa na jedwali.

Bahasha ya chuo cha ufundi nayo ilipotea kwa muda, maana ilifika bila namba ya faili yangu na ikawekwa pamoja na barua zisizo na mwenyewe. Niligundua nilipoona kwamba ukurasa wangu wa maombi ulikuwa bado unasema nyaraka zinasubiriwa, ilhali chuo kilikuwa na risiti ya kupokelewa kwake. Namba hiyo iandikwe juu ya bahasha na ndani ya barua pia.

Baada ya nyaraka zote kukusanyika, mapitio yalichukua wiki nne. Ripoti mpya inasema kwamba shahada yangu, ikisomwa pamoja na stashahada iliyotangulia, inalingana na shahada ya kwanza ya miaka mitatu. Maneno hayo «ikisomwa pamoja» yana maana: nikiomba kazi nyingine, lazima nipeleke vyeti vyote viwili. Ripoti pia ni ya kitaaluma tu. Kwangu ilitosha, kwa kuwa kazi ya programu za kompyuta haihitaji leseni. Mwenzangu muuguzi alipata ripoti kama hiyo na bado alitakiwa kwenda kwenye bodi ya usajili ya taaluma yake, ambayo ina mitihani na masharti yake yenyewe.

Naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Watathmini wanajua kazi yao, na uamuzi wa pili ulieleza sababu zake vizuri kuliko wa kwanza. Nyota mbili nazizuia kwa ajili ya fomu. Ina sehemu ya kuuliza kama mwombaji amewahi kubadili jina, lakini haina mahali pa kuuliza kama aliingia shahada katika mwaka wa pili, ingawa transkripti inayoanza na maneno «Mwaka wa Pili» ilikuwa mezani kwao tangu siku ya kwanza. Swali moja tu kwa barua pepe lingeniokolea zaidi ya miezi miwili. Niliwaandikia hivyo, wakajibu kwamba mwombaji ndiye mwenye wajibu wa kuwasilisha historia yake yote ya masomo, jambo ambalo ni kweli, na ambalo fomu yao haikulisema.