Jahazi au Mlango: Picha Ipi Ibebe Jalada?

Kwa makala ya safari ya Unguja zimebaki picha mbili: jahazi likipita mbele ya Forodhani jua linapozama, iliyopigwa kwa ulalo, na mlango wa kuchonga wenye misumari mikubwa ya shaba katika kichochoro cha Mji Mkongwe, iliyopigwa wima.

Kwa mpangilio, mlango ndio wenye nguvu, lakini jalada lina uwiano wa 16:9, na picha ya wima ya 2:3 ikikatwa kwa uwiano huo hubakiwa na zaidi kidogo ya theluthi moja ya kimo chake, kwa hiyo ama kizingiti cha juu kitapotea ama cha chini. Picha ya jahazi hupoteza ukanda mwembamba tu wa mawingu au maji.

Maandishi ndiyo yanayoamua. Misumari na nakshi hushindana na herufi, na ukiitia picha kivuli kizito ili kichwa cha makala kilichoandikwa juu yake kisomeke, unafuta uchongaji uliokufanya uichague. Mbingu ya jahazi ina nafasi tulivu, ila si kila mahali: herufi nyeupe zikikaribia jua humezwa na mwanga, kwa hiyo ziwekwe juu, upande ulio mbali nalo. Igeuze picha kuwa ya kijivu na uipunguze hadi upana wa simu. Herufi zikififia, zisogeze.

Kwa hisia, machweo yamezoeleka mno, nami ningependa mlango. Hata hivyo ningechagua jahazi, isipokuwa makala iwe ya uchongaji wenyewe, ambapo kichwa kingekaa nje ya picha.