Koneta za RJ45 zilizotoboka mbele: angalia meno kabla hujanunua pakiti

Habari zenu watazamaji, karibuni mezani. Leo nina pakiti mbili za koneta za RJ45, zote za aina iliyotoboka mbele, zile za pasithruu. Ukizitazama harakaharaka ni mapacha: plastiki angavu, vipande 8 vya rangi ya dhahabu, kilimi kilekile cha kubofya. Ila hii ya kushoto ukiifunga kwenye kebo inayopita darini, mtandao utawaka leo na kuanza kukatika baada ya muda. Sababu iko ndani, kwenye meno.

Nachukua koneta moja ya kila pakiti, nazitoa kafara. Nang'oa kipande kimoja cha dhahabu kwa koleo ndogo. Sogezeni macho hapa. Hiki cha kwanza kina meno mawili, yamenyooka kwenye mstari mmoja kama uma. Cha pili kina meno matatu, na ukikitazama kwa ubavu mwembamba utaona jino la kati limeinama upande mmoja, yale mawili ya pembeni yameinama upande wa pili. Hiyo ndiyo tofauti yote, na ndiyo inayoamua utumie kebo gani.

Kebo ya mtandao ina waya 8 ndani, na kila waya unaweza kuwa wa namna mbili. Kuna waya wa uzi mmoja, shaba nzima, ambao ukiukunja unabaki umekunjika. Huo ndio unaowekwa ukutani, darini na kwenye bomba, kwa sababu unasafirisha mawimbi mbali bila kupoteza nguvu nyingi. Halafu kuna waya wa nyuzi nyingi, kwa kawaida nyuzi 7 nyembamba zilizosokotwa pamoja, laini, unaovumilia kukunjwakunjwa. Huo ni wa kebo fupi kati ya ukuta na kompyuta. Hujui unayo ipi? Kata ncha uitazame, jibu unaliona palepale.

Meno mawili yaliyonyooka yametengenezwa yazame katikati ya nyuzi. Nyuzi zinaachana kidogo, zinalibana jino, kazi imeisha. Lakini meno hayohayo yakikutana na shaba nzima hayana pa kuzama. Yanateleza ubavuni na kugusa shaba kwa pembeni tu, au yanaikwangua na kuidhoofisha. Mguso upo, kwa hiyo testa inawasha taa zote 8 na wewe unaridhika. Baadaye joto la dari linapanda na kushuka, kebo inatikiswa, na mguso ule unalegea.

Meno matatu yanafanya kazi tofauti. Yanaipanda shaba kama mtu anavyompanda punda, mguu huku na mguu kule, na kuibana katikati. Kwa waya wa uzi mmoja, hayo ndiyo unayotaka. Kwa waya wa nyuzi nyingi inategemea koneta. Nyingine zimepimwa kwa aina zote mbili na pakiti inasema hivyo waziwazi. Zile za uzi mmoja peke yake zinaweza kuzisukuma nyuzi pembeni zikabana chache. Kama unanunua pakiti moja ya kazi zote, tafuta ya meno matatu inayotaja aina zote mbili. Pakiti isiyosema chochote, mimi naiacha dukani.

Sasa tuifunge moja. Kebo yangu ni CAT6 ya uzi mmoja, mita 20, kutoka kwenye swichi hadi kamera. Kwenye ganda imeandikwa 23AWG, yaani shaba ya kama milimita 0.57. Maandishi haya msiyapuuze, kwa sababu tundu za koneta ya CAT5e zimepimwa kwa waya mwembamba zaidi, na huu ukiusukuma utakwama njiani. Kinyume chake pia ni tatizo: waya mwembamba kwenye tundu pana unacheza, na jino linaweza kuukosa.

Namenya ganda kama sentimita 4, nakata ule msalaba wa plastiki wa katikati, nanyoosha waya. Kilimi kinatazama chini, dhahabu juu, mdomo wa koneta mbele. Kutoka kushoto kwa mpangilio wa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Naingiza zote pamoja, zinatokeza mbele.

Hapa ndipo koneta hizi zinapolipa bei yake. Rangi naziona nje, kwa hiyo kosa la mpangilio nalikamata kabla ya kubana. Halafu nazivuta ncha zile mpaka ganda liingie ndani kabisa, lipite chini ya kile kipande cha plastiki kitakacholikandamiza. Na msokoto wa waya unabaki karibu na meno; usiufungue zaidi ya milimita 13. Kwenye koneta iliyozibwa mbele unakata waya kwa kukisia, ukikosea milimita mbili, waya mmoja haufiki mwisho.

Nabana kwa koleo la kubania koneta mpaka lifike mwisho na kuachia lenyewe. Vipande vya shaba vinadondoka mezani. Mnaona? Kisu cha koleo kimevikata usawa na uso wa plastiki.

Sasa udhaifu wake, na ni huohuo uwazi wa mbele. Kisu kikiwa butu, hakikati, kinavuta. Shaba inabaki na mkia, na mikia miwili jirani ikigusana una shoti. Kwenye swichi yenye tundu za chuma, mkia mrefu unaweza kugusa chuma, na kama laini hiyo inabeba umeme wa PoE kwenda kwenye kamera, hapo usifanye mzaha. Kila ukimaliza kubana, pitisha ukucha usoni pa koneta. Ukikwaruzwa, kata koneta hiyo uanze upya, kisha badilisha kisu. Koleo la kawaida lisilo na kisu cha mbele linaweza kubana dhahabu, lakini mikia utaikata mwenyewe na ni vigumu kupata usawa. Na koleo la kampuni moja si lazima liendane na koneta ya kampuni nyingine, kwani kisu kinaweza kukaa mbali kidogo na uso.

Angalia pia kina cha dhahabu. Ikibanwa vizuri, sehemu yake ya juu inakuwa kama milimita 6 kutoka upande wa chini wa koneta. Ikibaki juu, itapinda vispringi vya tundu la swichi, na utakuwa umeharibu swichi kwa ajili ya koneta.

Testa ya taa nimeshasema haitoshi. Kwenye Linux, chomeka kebo kisha andika:

```
ethtool eth0 | grep Speed
```

Weka jina la kadi yako badala ya eth0. Ikitokea 1000Mb/s, tikisa kebo taratibu karibu na koneta, rudia amri. Ikishuka kuwa 100Mb/s, shuku kwanza waya wa 4, 5, 7 na 8, kwa sababu kasi ya 100 inahitaji wa 1, 2, 3 na 6 tu, wakati gigabiti inataka zote 8. Kwa kamera, huenda hutagundua kabisa, maana 100 inaitosha. Ndiyo maana jaribu kwa kompyuta kabla hujapanda ngazi.

Pakiti ya kushoto, ile ya meno mawili, siitupi. Inabaki kwa kebo za nyuzi za mezani. Ila nimeiandikia kwa kalamu nene juu ya mfuko: NYUZI TU.