Gemu za kucheza na wenzako bila bando: ipi inunuliwe kwanza

Anayenunua gemu ya kucheza kupitia hotspot aikadirie kwa idadi ya wachezaji, kwa kuwa kwa kawaida kila simu inayojiunga huhitaji nakala yake. Tuchukue marafiki wanne, watatu wakiwa na Android na mmoja akiwa na iPhone.

Nafasi ya kwanza naipa Terraria, inayouzwa takriban dola 5, yaani dola 20 kwa wote wanne. Android na iPhone huingia katika dunia moja, simu ya mmoja wao ikiwa mwenyeji, na gemu yenyewe si nzito sana kwa simu ya kawaida. Ya pili ni Minecraft, ambayo kwa takriban dola 7 kila mmoja hufikisha dola 28. Ni pana zaidi, lakini huichosha simu dhaifu, hasa ile iliyobeba dunia ya wote. Mwenyeji ahakikishe kwamba `Visible to LAN Players` imewashwa. Ya tatu ni BombSquad, ambayo kwenye Android hupakuliwa bure na mechi za jirani huonekana chini ya `Gather`, kisha `Nearby`. Kwa kundi letu kasoro yake ni yule mwenye iPhone, ambaye huenda asiipate kwenye duka la simu yake. Gemu za Bluetooth naziweka mwisho, kwa sababu nyingi ni za watu wawili tu.

Hotspot ifunguliwe na mwenye Android, baada ya kuzima data ya simu yake. Asipoizima, simu tatu zilizojiunga zitamaliza bando lake kimyakimya kwa kusasisha programu na kupakua picha za WhatsApp. iPhone haifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa hotspot yake hudai data iwe imewashwa.

Wanaojiunga nao wazime data. Android ikitoa taarifa kwamba Wi-Fi hiyo haina intaneti, wakubali kubaki nayo, la sivyo simu inaweza kurudi kwenye data yake, na dalili yake ni dunia ya mwenyeji kutoweka kwenye orodha. Kwenye iPhone, gemu ipewe ruhusa ya `Local Network`. Bila hiyo haitaona mechi yoyote hata kama Wi-Fi iko sawa. Ikiwa simu zote zimeunganishwa na bado hazionani, linganisheni matoleo ya gemu, maana simu moja iliyosasishwa peke yake hutosha kuwatenga wengine.

Msinunue nakala nne siku moja. Nunueni mbili kwanza, mojawapo ikiwa ya Android, fungueni kila moja mara moja mkiwa na intaneti ili duka lithibitishe malipo, kisha zimeni data na mcheze. Ikikataa, Google Play hupokea maombi ya kurudishiwa fedha ndani ya saa 48 tangu ununuzi.