Helmeti ya pikipiki saizi M: nilivyoipima na kuijaribu kabla ya kulipa

Hapa Dodoma natoka Nkuhungu kwenda Mtumba kwa pikipiki yangu mwenyewe, na ukishauacha mji, upepo wa barabara ya Dar ndio unaokuonyesha kama helmeti imekukaa au umeibeba tu kichwani. Nilipokwenda kununua mpya nilichukua futi ya fundi cherehani.

Futi unaizungusha kama sentimita 2.5 juu ya nyusi, ipite juu ya masikio na pale kisogo kilipochomoza zaidi. Pima mara kadhaa, shika kipimo kikubwa. Changu ni 58. Nilipima nikiwa nimefumua nywele, kwa sababu rasta nene huongeza kipimo, na siku ukizifumua helmeti inaanza kucheza.

Muuzaji alinipa L papo hapo. Hoja yake: Dodoma joto, dada, chukua inayoingia kirahisi. Kibandiko cha ndani kilionyesha 59–60. Nikafunga mkanda, nikamwomba aishike ukingo wa chini kisogoni aisukume juu kuja mbele. Ikaniangukia usoni, kisogo kikabaki wazi. Inayovuka kichwa kwa mkono wa mtu dukani itavuka pia ukianguka, kabla kichwa hakijafika kwenye lami.

M ya kwanza, 57–58, iligoma kwenye jaribio hilo, nikafurahi. Lakini nilikaa nayo kichwani robo saa hivi (muuzaji akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni), na nilipoivua nilikuwa na alama nyekundu katikati ya paji la uso, panauma. Wakati huohuo, pembeni juu ya masikio kidole kilikuwa kinapita. Hapo saizi haina kosa, ila umbo halikubaliani: kichwa changu ni kirefu kutoka mbele kwenda nyuma, na ndani ya helmeti ile ni duara. Ningepanda saizi, paji lingepona na uwazi wa pembeni ungezidi. Kinachosaidia ni kujaribu ya kampuni nyingine, saizi ileile.

Ya pili ndiyo niliyolipia, shilingi 95,000. Inabana sawasawa kichwa kizima, mashavu yanasukumwa kidogo, na nikiizungusha kwa mikono ngozi ya paji na mashavu inakwenda nayo. Mkanda una pete mbili za chuma, na umeshonewa kitambaa chenye E ndani ya duara, alama ya kiwango cha usalama cha helmeti cha ECE 22.06.

Mbano wa mashavuni ulinisumbua mwanzoni, sasa sponji zimelainika na bado haichezi. Ingekuwa inanikaa kwa raha siku ile ya kwanza, leo ingekuwa kubwa. Lawama yangu ni kioo: vumbi letu limeshakikwaruza, usiku taa za malori zinatawanyika machoni, na pale dukani hawauzi kioo peke yake.