TAHADHARI: Wanaouza tafsiri za Kichina za wosia na hati ya uwakili kwa fomu iliyokwisha kujazwa

Ndugu zangu mnaoandaa karatasi za mirathi au za nyumba za kupelekwa China, kuna mtu anayejitangaza mtandaoni kuwa anatafsiri hati za kisheria kwa siku moja, mhuri ukiwa ndani ya bei. Jamaa za mama mmoja, mjane aliyeishi China miaka mingi, waliniletea kazi ya mtu huyo niikague kwa kuwa nami nafasiri Kichina. Kile hakikuwa tafsiri. Alichukua fomu ya Kichina, akabandika majina.

Mama huyo ana nyumba mbili huko. Wosia wake unasema nyumba ya kwanza igawanywe nusu kwa binti yake na nusu kwa mtoto wa dada yake aliyemlea. Hati ya uwakili inamruhusu rafiki yake auze nyumba ya pili tu, kwa bei isiyopungua iliyotajwa, fedha ziingie akaunti ya mama mwenyewe, ndani ya miezi sita, bila kumkabidhi mtu mwingine kazi hiyo.

Kwenye wosia, mfasiri huyo aliwaandika wote wawili 继承人, yaani warithi. Kwa binti ni sawa. Kwa yule mpwa si sawa, na hapa ndipo watu wanaweza kupoteza mali. Kanuni ya Madai ya China, inayotumika tangu 1 Januari 2021, inawahesabu kuwa warithi wa kisheria mwenzi, watoto, wazazi, na baada yao ndugu, mababu na mabibi. Mpwa hayumo. Anayeachiwa mali kwa wosia nje ya orodha hiyo huitwa 受遗赠人, na ana siku 60 tangu ajue kuhusu zawadi hiyo kutamka kwamba anaipokea. Akikaa kimya, anahesabiwa ameikataa. Mrithi akikaa kimya anahesabiwa amekubali. Kijana akijiona kwenye karatasi ameitwa mrithi atatulia nyumbani akisubiri kuitwa, huku siku zake zinakwisha. Kipengele cha fungu la binti kwenda kwa watoto wake iwapo atatangulia kufa kilikuwa kimeachwa kabisa.

Hati ya uwakili ilinitisha zaidi. Masharti yote ya mama yamegeuzwa sentensi moja: wakala anamwakilisha kwa mamlaka kamili katika mambo yote ya nyumba. Hakuna anwani, kwa hiyo hata nyumba ile ya wosia inaweza kudaiwa kuwa imo. Hakuna bei, akaunti wala muda. Mwishoni kumeongezwa 有转委托权, kwamba wakala anaweza kumpa mtu mwingine mamlaka hayo, jambo ambalo mama alilikataza kwa maandishi. Tena msidhani maneno hayo mapana yanasaidia popote. Mahakamani China, hati ikisema 全权代理, yaani uwakilishi wa mamlaka kamili, tu bila kutaja mambo mahususi, wakala hawezi kukubali au kuacha dai, kupatana wala kukata rufaa kwa niaba yako.

Jamaa za mama walipomuuliza mfasiri huyo, alijibu kwamba kwa Kichina maana ni ile ile, kisha akasema mhuri wa ubalozi utamaliza kila kitu. Si kweli. Uthibitisho wa hati, pamoja na cheti cha kimataifa kiitwacho apostili ambacho China inakikubali tangu 7 Novemba 2023, unathibitisha saini na mhuri. Haupimi kama tafsiri inafuata maneno yako.

Hata usiyesoma Kichina unaweza kumkamata mtu wa namna hii. Hesabu vipengele: hati ya asili ikiwa na tisa, tafsiri iwe na tisa. Tafuta tarakimu, kwa sababu namba ya pasi, tarehe, bei, akaunti na namba ya nyumba kwa kawaida huandikwa kwa tarakimu hizi hizi tunazozijua. Katika hati ya mama zilikuwepo namba za pasi peke yake. Majina ya wanufaika yabaki kwa herufi za pasi kando ya yale ya Kichina, maana wafasiri wawili wanaweza kuliandika jina moja kwa herufi tofauti za Kichina. Halafu mpe mfasiri mwingine ile ya Kichina pekee airudishe kwa Kiswahili bila kuona ya asili, mlinganishe kipengele kwa kipengele. Aliyekutafsiria awe tayari kuweka jina lake, saini na mawasiliano. Huyu alikataa.

Kama hati ya namna hii imeshafika kwa wakala, usiishie kutuma tafsiri mpya. Andika barua ya kufuta uwakili ukitaja tarehe ya hati ile, mpe wakala, na ipeleke pia kwa ofisi iliyoipokea kabla nyumba haijauzwa.